Fizi: Shukrani za kilio, kutoka lubunga hadi kwenye simu

BARAKA, Kivu ya Kusini – Karibu kila juma, kwenye simu za wakaaji wa Baraka na Fizi, hupita picha ya mzazi aliyefariki, na chini yake mistari michache ya shukrani. Familia inashukuru majirani wa kartie, wamama waliopika, vijana waliochimba kaburi, kanisa au msikiti, na wote waliotoa mchango. Mtu anasoma, anaandika "poleni sana," kisha anaendelea na kazi yake.

Mistari hiyo ina historia ndefu. Ilianza kama neno la mdomo mbele ya watu waliokaa pamoja, ikapita kwenye karatasi ya Msalaba Mwekundu, ikasomwa redioni, na sasa iko kwenye simu. Katika safari hiyo yote kazi yake haikubadilika sana. Inafunga kilio, na inaweka wazi nani alisaidia, ili siku moja msaada ule urudishwe. Kwa familia ambazo vita vimezihamisha mara mbili au mara tatu, kazi hiyo ya pili ndiyo yenye uzito.

Neno lililosemwa lubunga

Kwa Babembe, ambao ndio wengi katika wilaya ya Fizi, lubunga ni mahali pa wanaume wa kijiji. Hapo walikaa, wakala pamoja chakula kilicholetwa kutoka nyumba mbalimbali, wakapokea wageni na kukata maneno. Mtu mzima akifa, maneno ya kilio yalipita hapo pia. Wageni wakitoka kijiji kingine walijulisha hapo wametumwa na nani na wameleta nini, na wazee walisikia.

Katika hali hiyo shukrani haikuhitaji karatasi. Aliyeleta kuku, kikapu cha muhogo au mawese alileta mbele ya macho ya watu. Mwisho wa kilio, mzee wa familia alisimama akasema: wakwe wamekuja na hiki, ukoo fulani umeleta kile, wamama wa upande huu wamepika siku zote. Wote waliomsikia wakawa mashahidi. Mwaka mwingine kilio kikianguka kwa wakwe wale, hakuna aliyeweza kusema hajui kinachotakiwa kupelekwa.

Kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, kulikotoka Kiswahili kilichofika ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya karne ya 19, mchango wa aina hiyo una jina lake: ubani. Ni jina la manukato yanayochomwa, lakini pia la pesa au kitu anachopewa mfiwa. Tanzania wengi leo wanasema rambirambi. Huku Fizi watu wanasema tu mchango, au kutoa pole. Majina ni tofauti, lakini mpango ni mmoja: kitu kinatolewa, kinahesabiwa, na kinakumbukwa.

Ila kumbukumbu ya mdomo inategemea jambo moja. Inataka watu wabaki mahali pamoja. Mashahidi wakitawanyika, hesabu inatawanyika nao.

1996: mashahidi wanavuka ziwa

Mwaka 1996 vita vilipoingia Kivu ya Kusini, watu wengi wa Fizi walipanda mitumbwi na maboti wakavuka ziwa kwenda Kigoma, Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo. Kambi ya Lugufu ilifuata mwaka 1997. Watu wa kijiji kimoja walijikuta wamegawanyika: baadhi Nyarugusu, baadhi Lugufu, wengine wamebaki milimani au kandokando ya ziwa.

Kwa waliobaki, kuna majira ambayo kilio chenyewe hakikuwezekana. Kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Mauaji hayo yamo katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003. Mahali ambapo jirani naye ameuawa au amekimbia, hakuna wa kuchimba kaburi kwa utaratibu, hakuna wa kuinua sufuria, na hakuna wa kushukuriwa. Familia kama hizo ziliachwa bila kilio kilichofungwa. Ndiyo sababu wazee wa Fizi wakisema "alizikwa vizuri," kwanza wanamaanisha kwamba watu walikuwepo.

Kambini watu walikuwepo, lakini vitu havikuwepo. Chakula kilitoka kwenye mgao: unga wa mahindi, maharagi, mafuta kidogo na chumvi. Kipimo ambacho mashirika ya chakula hulenga ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, yaani chakula cha kuishi tu, kisicho na ziada ya kupikia wageni. Tuseme nyumba ya watu watano inapata karibu kilo 2 za unga kwa siku. Jirani akifiwa, nyumba hiyo ikatoa kikombe chenye gramu 500, imetoa robo ya chakula cha siku nzima. Nyumba 40 zikifanya hivyo, kunapatikana kilo 20 za unga, na kilio kinaweza kula. Kila nyumba imelala na njaa kidogo ili nyumba moja isizike peke yake. Mwaka 2017, mgao ulipopunguzwa katika kambi za Tanzania, kikombe hichohicho kikawa kizito zaidi.

Hapo ndipo kaye ilipochukua nafasi ya kumbukumbu ya wazee. Majirani wa kambini walitoka vijiji vingi, hawakujuana toka zamani, wala hapakuwa na hakika kwamba watakaa pamoja mwaka unaofuata. Kwa hiyo mtu mmoja anayejua kuandika alikaa mlangoni na kaye: jina, nyumba, alicholeta. Unga kikombe kimoja. Kuni mzigo mmoja. Sabuni kipande. Shukrani ya mwisho ikawa kusomwa kwa kaye hiyo mbele ya watu.

Karatasi isiyofungwa

Lakini ndugu waliobaki Kongo walipaswa kujulishwa kwamba mzazi amefariki na amezikwa na nani. Njia moja ilikuwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ni karatasi moja ambayo mtu anaandika habari za familia tu, anaitoa bila kuifunga, na watumishi wa Msalaba Mwekundu wanaisoma kuhakikisha haina maneno ya vita wala siasa. Kisha inavuka mpaka, na wenye kujitolea wanamtafuta anayeandikiwa, mara nyingi kwa kuuliza kijiji kwa kijiji. Anayepokea anaweza kujibu kwenye karatasi hiyohiyo. Safari ingeweza kuchukua majuma au miezi.

Karatasi hiyo ilifundisha watu namna fulani ya kuandika. Nafasi ilikuwa ndogo na macho mengi yangesoma, kwa hiyo mwandishi alipaswa kuchagua. Kwanza nani amefariki na siku gani. Pili amezikwa wapi. Tatu nani alisaidia. Mstari huo wa tatu ulikuwa na kazi maalumu. Ulimwambia ndugu aliye ng'ambo kwamba kuna watu ambao familia sasa ina deni kwao, hata kama yeye hajawahi kuwaona.

Oktoba 2005, meli za kurudisha wakimbizi zilianza safari kutoka Kigoma kuja Baraka. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009, lakini Nyarugusu ilibaki. Katika mizigo ya waliorudi, pamoja na sufuria na mabati, kulikuwa na karatasi za namna hiyo. Deni la kilio la mtu wa Lugufu liliweza kulipwa Baraka, miaka mingi baadaye, kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa.

Redio na simu

Maisha yaliporudi mjini, komunike ya redio ikachukua nafasi kubwa. Komunike kwa kawaida hulipiwa, na ni fupi. Familia iliyolipia isomwe mara mbili haiwezi kutaja nyumba 60. Kwa hiyo ikazoeleka kutaja vikundi: "majirani wa kartie, wamama wa kanisa, wavuvi wa bandari, walimu wa shule." Vikundi viliokoa pesa, lakini vilificha watu. Mama aliyepika siku tatu na mama aliyepita kusalimia walisikia neno moja redioni.

Kisha ikaja pesa ya simu. M-Pesa ilianza Kongo mwaka 2012, na nyingine kama Airtel Money zikaenea. Mtoto aliye Lubumbashi, Nyarugusu au ng'ambo ya bahari aliweza kutuma mchango siku ileile ya kifo. Shukrani nayo ikahama, ikawekwa chini ya picha kwenye WhatsApp au Facebook, ambako nafasi si tatizo tena na anayesoma anaweza kuwa nchi yoyote.

Mwaka 2020 ulionyesha ni nini kinabaki pale sufuria ikiondolewa. Tarehe 18 Machi 2020, kwa sababu ya Korona, rais wa nchi alitangaza kwamba mikutano ya watu zaidi ya 20 imekatazwa na kwamba vilio visifanywe nyumbani wala kwenye kumbi. Mwili ulipaswa kutoka mahali pa kuhifadhia maiti moja kwa moja hadi kaburini, na watu wachache. Mchango wa simu uliweza kuendelea, lakini kazi ya mikono ilikatazwa. Shukrani ya familia iliyofuata amri hiyo ikawa orodha ya pesa tu, na wengi waliona imepungukiwa. Kisichoandikika kwenye simu ni kulala kwenye kilio na kupika.

Kupika kunakula kiasi gani

Ili kuelewa kwa nini wapishi wanastahili mstari wao, ni vizuri kupiga hesabu ya kilio cha kawaida. Tuchukue mfano wa nyumba moja Baraka, watu 150, siku tatu, chakula mara mbili kwa siku.

Mtu mmoja anakula ugali wa karibu gramu 250 za unga wa muhogo. Kwa watu 150 ni kilo 37 na nusu kwa chakula kimoja. Kwa milo sita ni kilo 225. Maharagi makavu, tukisema gramu 100 kwa mtu, ni kilo 15 kwa mlo, yaani kilo 90 kama hakuna sombe wala ndagala za kubadilisha. Mawese, chumvi na vitunguu viko juu ya hapo.

Tena kuna maji. Kilo moja ya unga inataka karibu lita mbili. Kwa hiyo ugali wa mlo mmoja unakunywa lita 75, karibu bido nne za lita 20. Ongeza maji ya maharagi, ya kunywa, ya kuosha sahani na ya kunawa, na si ajabu nyumba ya kilio kutumia bido 20 kwa siku moja. Ni nani anayezibeba? Mara nyingi ni wasichana na vijana wa kartie, wanaoanza kabla ya jua. Majina yao hayafiki kwenye kaye, kwa sababu hawakupita mlangoni na bahasha.

Kuni ni hivyohivyo. Maharagi yanataka moto wa saa mbili au tatu. Sufuria kubwa haziko katika kila nyumba. Zinaazimwa kutoka kwa kikundi cha wamama, kanisa au jirani, na zikirudi zimetoboka au hazirudi, shukrani nzuri haitasaidia kitu. Kwa hiyo wamama wenye uzoefu huandika vyombo kwenye ukurasa wake: sufuria ngapi, za nani, sahani ngapi, na nani alizipeleka baada ya kilio.

Kwa afya pia, kupika kuna mpaka wake. Kipindupindu kimekuwepo pande za ziwa Tanganyika tangu miaka ya 1970, na kilio ni mahali kinapoweza kuruka kutoka nyumba moja hadi nyumba nyingi. Aliyeosha mwili wa marehemu au kufua nguo zake asiingie kwenye kazi ya sufuria. Maji ya kunawa yawe na dawa ya klori au sabuni, na chakula kiliwe kingali moto. Kama kifo kimetokana na kipindupindu, mazishi yanafuata maagizo ya watu wa afya, na chakula cha watu wengi kinaachwa. Katika hali hiyo familia inashukuru wale waliokubali kukaa mbali.

Kaye inavyofungwa

Matatizo mengi ya shukrani hayaanzi kwenye maneno, yanaanza kwenye hesabu. Njia inayofanya kazi ina watu wawili. Mmoja anaandika, mwingine anashika pesa. Aliyeandika hashiki, aliyeshika haandiki, na wote wawili wasiwe watoto wa marehemu, maana watoto wako kwenye huzuni na kila mtu anawaita.

Faranga na dola zinakaa safu tofauti. Bei ya dola inapanda na kushuka, na anayegeuza moja kuwa nyingine siku ya pili atakuta jumla tofauti siku ya nne, kisha watu watasema pesa imeliwa. Tuseme mwishoni kaye ina faranga 386,000 na dola 45 taslimu, na faranga 120,000 kwenye simu. Kinachosomwa ni namba hizo tatu, kama zilivyo. Kisha matumizi: sanduku, usafiri wa mwili, bashi, unga ulionunuliwa, mafuta. Pesa ya simu inaandikwa ile iliyofika, na namba ya mtumaji na jina lake vinawekwa kando, kwa sababu mara nyingi mtu anatuma kwa namba ya rafiki, na baadaye anayeshukuriwa siye aliyetoa.

Vitu vinaandikwa kwa kipimo, bila kugeuzwa kuwa pesa. Katika mfano wa juu, kama familia ilinunua kilo 100 za unga na zilihitajika 225, basi kilo 125 zilitoka kwa majirani, zaidi ya nusu. Kaye inayoandika bahasha tu itaonyesha kwamba kilio kiligharamiwa na jamaa wa mbali wenye simu, wakati sufuria zilijazwa na nyumba za hapohapo.

Ukurasa wa mwisho ni wa kazi: waliochimba kaburi, waliobeba maji, waliopika, waliolala na wafiwa, aliyetoa kiwanja cha kukaa watu. Wanaojua majina hayo ni wamama wa jikoni, kwa hiyo mwandishi wa kaye anawaendea na kuuliza kabla watu hawajatawanyika. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kuandika shukrani siku tano baadaye kutoka kwenye simu peke yake.

Kinachoandikwa chini ya picha

Baada ya kaye kusomwa mbele ya familia na majirani, maandishi ya hadharani yanaweza kuwa mafupi. Mfano unaokusanya yote, bila jina la mtu, ni huu:

"Familia ya marehemu mama yetu, aliyezikwa Jumamosi, inashukuru nyumba zote za avenyu yetu, waliotupatia unga, maharagi, kuni na mawese. Tunashukuru wamama waliopika siku tatu, na vijana waliobeba maji na kuchimba kaburi. Tunashukuru waliotuma mchango kutoka mbali, na familia zilizohama makwao ambazo zilikuja kulala nasi. Hesabu imesomwa Jumanne na kaye iko kwa familia. Tusiyemtaja atusamehe na atujulishe. Sufuria zote zimerudi."

Jumla ya pesa haimo, wala nani alitoa kiasi gani. Hayo yanabaki kwenye kaye, ambako anayehusika anaweza kuona. Kutangaza viasi kunainua mwenye dola 20 na kumshusha mama aliyeishi kwa msaada lakini akaleta mzigo wa kuni, na kilio kinachofuata hatakuja. Sentensi ya "tusiyemtaja" ni mlango wa masahihisho. Anayejitokeza anaongezwa kwenye kaye, na jambo linaisha bila manung'uniko.

Kuna hatari nyingine ya kisasa. Picha ya marehemu na maneno ya shukrani yanaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, akaweka namba yake ya simu na kuomba mchango. Kwa hiyo shukrani haiwekwi namba ya kupokelea pesa, na inasema wazi kwamba hesabu imekwisha kusomwa. Anayeona tangazo jipya la kuomba baada ya hapo anapiga simu kwa mtu wa familia anayemjua kabla ya kutuma chochote. Familia zilizokimbia hazitaji pia mahali kamili zinapolala, maana wanaosoma si ndugu peke yao.

Deni la wageni

Mwaka 2025, baada ya Bukavu kuchukuliwa na M23 mwezi wa Februari, watu wengi walishuka kusini kuelekea Uvira, Fizi, Burundi na Tanzania. Benki za miji iliyochukuliwa zilifungwa, na pesa taslimu ikawa ngumu kupatikana. Juu ya hao kuna waliohamishwa na mapigano ya milima ya Fizi yenyewe, ambao wengine wamekaa Baraka kwa miaka.

Mzazi akifia ugenini, familia ya namna hiyo inakutana na jambo ambalo desturi ya zamani haikulipangia. Kilio kinaendeshwa na watu ambao wewe uliwahi kuwazikia. Aliyefika mwezi uliopita hajazika na mtu yeyote hapo. Anasaidiwa kabla hajasaidia, na majirani wanaompikia hawajui kama atakuwepo kilio chao kikija. Hapo shukrani yake haifungi hesabu ya zamani. Inafungua mpya.

Wakaaji wa Baraka wenye umri wa miaka 40 kwenda juu wanaielewa hali hiyo, kwa sababu wengi walikuwa upande huo wa sufuria mwaka 1997. Vikombe vya unga walivyopokea Lugufu na Nyarugusu vilitoka kwa watu ambao baadhi yao hawakuonana nao tena. Deni kama hilo halirudi kwa aliyetoa, linalipwa kwa aliyeko mlangoni. Ndiyo maana katika kartie nyingi nyumba ya mgeni aliyefiwa inapewa watu wa kuchimba kaburi na wapishi bila kuulizwa amewahi kutoa nini.

Lakini kaye inaandikwa vilevile, na familia inayoondoka inashauriwa kufanya nakala mbili. Moja inabaki kwa shefu wa avenyu au mwakilishi wa nyumba kumi, nyingine inaondoka na familia, pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto na kadi ya mpigakura. Kama nafasi ni ndogo, picha ya kila ukurasa inatumwa kwa ndugu aliye mbali, ili simu ikipotea njiani majina yasipotee. Majina yaandikwe kamili, na kijiji cha asili cha kila mtu kando yake, kwa sababu avenyu mtu anaweza kuihama kesho, lakini kijiji cha asili ndicho atakachotafutiwa.